Mwongozo wa kununua yakuti samawi: kusoma rangi, hariri na alama za moto

Mtu akiniuliza anunue yakuti samawi ya namna gani, humpangia daraja nne kabla hajaonyeshwa jiwe lolote. Daraja la kwanza, kwa anayetaka jiwe la pete na si la kuweka sandukuni, ni jiwe lililochomwa kwa moto peke yake, ambalo muuzaji ametamka wazi kuwa limechomwa, na ambalo rangi yake imetandaa sawasawa likitazamwa kwa juu. La pili ni jiwe lisilochomwa, lenye hariri nyepesi ndani yake na cheti cha maabara. Nimeliweka la pili si kwa upungufu wa uzuri, bali kwa kuwa sehemu kubwa ya bei yake hulipia uadimu, na uadimu hauonekani kidoleni. La tatu ni jiwe ambalo rangi yake imejikusanya upande mmoja, liwe limechomwa au la, nalo linunuliwe kwa punguzo. La nne ni jiwe lililopenyezwa rangi kutoka nje au lililojazwa kioo, na hili ninashauri liachwe.

Daraja hizi zinaeleweka vizuri mtu akijua rangi ya buluu inatoka wapi. Yakuti samawi, ambayo wengi huiita safaya, ni korundamu, yaani oksidi ya alumini, na ikiwa safi kabisa haina rangi. Buluu huzaliwa pale chembe za chuma na za titani zinapokaa jirani ndani ya fuwele. Ila si titani yote hubaki imetawanyika humo. Jiwe linapopoa polepole ardhini, baadhi yake hujitenga na kuwa sindano nyembamba za madini yaitwayo rutili. Sindano hizo ndizo hariri. Kwa hiyo hariri na buluu zina kiungo kimoja, na moto unaweza kuigeuza ya kwanza kuwa ya pili. Jiwe likichomwa kwenye tanuri lenye nyuzi 1,600 za Selsiasi au zaidi, sindano huyeyuka, titani hurudi ndani ya fuwele na kukutana na chuma, na jiwe lililokuwa na ukungu hutoka angavu na la buluu. Ndivyo ilivyokuwa kwa mawe ya Sri Lanka yaitwayo geuda, ambayo yalionekana hayana maana kwa weupe wake wa maziwa hadi miaka ya 1970, uchomaji wa joto kali ulipoyapa thamani.

Nianze na rangi, kwa sababu ukaguzi wake hauhitaji kifaa cha gharama. Fuwele ya yakuti hukua tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka huchukua kiasi chake cha chuma na titani, kwa hiyo buluu hukaa kwa mistari: mmoja mzito, unaofuata hafifu, mwingine hauna rangi kabisa. Mistari hiyo ni minyoofu, na inapokutana hufanya pembe kama za sega la nyuki, kwa kuwa fuwele yenyewe ina pande sita. Laza jiwe kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, kisha litazame kupitia tumbo lake. Mistari ikijificha, tumbukiza jiwe katika glasi ya maji iliyowekwa juu ya karatasi hiyohiyo. Maji hupunguza mng'ao wa nyuso zilizochongwa, na jicho hupenya ndani. Ukiona mistari iliyopinda kama mifereji ya sahani ya santuri, weka jiwe chini. Mistari ya namna hiyo ni ya yakuti iliyotengenezwa kiwandani kwa kudondosha unga ulioyeyushwa na mwali wa moto, njia ambayo Mfaransa Auguste Verneuil aliitangaza mwaka 1902, na haipatikani katika jiwe la ardhini.

Mistari minyoofu, basi, ni ushahidi mzuri wa uasilia, na swali linalobaki ni pahali ilipokaa. Mkataji hodari akipata jiwe lenye doa moja la buluu huliweka doa hilo kwenye ncha ya chini, kwa sababu mwanga unaoingia kwa juu hupita hapo kabla ya kurudi machoni, na jiwe zima huonekana limejaa rangi. Huu si udanganyifu, ni ufundi. Ila mnunuzi ajue anachonunua. Jiwe la namna hii huwa na tumbo nene, likitazamwa kwa ubavu huonekana kama glasi ya maji yenye tone la wino chini, na ukiliinamisha kidogo weupe hujitokeza pembeni. Zaidi ya hayo, ncha hiyo ikivunjika au jiwe likichongwa upya kupunguza tumbo, rangi huondoka na vumbi la kuchongea. Ndiyo maana nimelipa daraja la tatu, na ndiyo maana sikubali kununua jiwe lililokwisha kufungwa katika pete iliyozibwa nyuma.

Hariri inataka lenzi ya sonara inayokuza mara 10 na tochi ndogo. Mulika jiwe kutoka ubavuni, si kutoka juu, kisha ulizungushe polepole mpaka sindano zishike mwanga. Katika jiwe ambalo halijapata joto kali, sindano ni nzima, nyembamba kuliko unywele, na zimelala katika njia tatu zinazokatana kwa nyuzi 60. Zikiwa chache na laini, hutawanya mwanga na kulipa jiwe ulaini kama wa mahameli, sifa iliyoyapa mawe ya Kashmir jina. Zikiwa nyingi hulitia jiwe ukungu na kuua mng'ao, na hapo linafaa zaidi kuchongwa mviringo bila nyuso, pengine lionyeshe nyota.

Baada ya joto kali picha hubadilika. Sindano hukatika vipandevipande, na pale palipokuwa na uzi mmoja huonekana safu ya vitone. Kando yake buluu huweza kujikusanya kama wino uliodondokea karatasi yenye unyevu. Vijiwe vidogo vya madini mengine vilivyonaswa ndani huvimba na kupasua jiwe pembeni mwao, hivyo kila kimoja huvaa ufa wa mviringo unaong'aa kama sarafu. Nikiona vitone vilivyojipanga pamoja na sarafu hizo, sihitaji kuuliza mara mbili kama jiwe lilipita tanurini.

Hata hivyo hariri ni shahidi mwenye mipaka. Joto la wastani, tuseme nyuzi 1,000, huweza kubadili rangi bila kuzigusa sindano, na jiwe lisilo na hariri tangu mwanzo halikuambii lolote. Hapo ndipo cheti kinapohitajika, na kisomwe kwa maneno yake halisi. Maabara kama GIA, SSEF na Gübelin huandika ama kwamba zimeona dalili za kuchomwa, ama kwamba hazikuona dalili hizo. Neno ambalo wanunuzi wengi hulielewa vibaya ni “asilia”. Yakuti asilia ni ile iliyotoka ardhini badala ya kiwandani. Inaweza kuwa imechomwa, na hata kupenyezwa rangi, na bado ikaitwa asilia. Kabla ya yote linganisha uzito na vipimo vya jiwe na vilivyo katika cheti, kwa sababu cheti cha kweli huweza kusindikiza jiwe lingine.

Siku moja niliwekewa mbele mawe matatu ya umbo la yai. La kwanza lilikuwa na karati 2.04, la pili 1.98 na la tatu 2.31, na kwa juu yote yalifanana kiasi cha kuchanganya. Muuzaji alisema la kwanza limechomwa. La pili na la tatu alidai hayakuchomwa, na la tatu ndilo alilolisifu, kwa ukubwa na kwa usafi. Katika glasi ya maji la tatu lilipauka mara moja, likabaki doa la buluu kwenye ncha. Chini ya lenzi lilikuwa na safu za vitone na sarafu mbili zinazong'aa karibu na kiuno. “Hakuna dalili ya kuchomwa” ilikuwa imeandikwa katika karatasi ya duka lenyewe, si ya maabara. La pili lilikuwa na hariri nzima, mistari yake minyoofu ikiwa imesambaa mwili mzima, na cheti chake cha maabara kilikubaliana na uzito. Muuzaji alitaka zaidi ya maradufu ya bei ya la kwanza kwa karati. La kwanza lilikuwa na vitone kama la tatu, lakini rangi yake ilibaki ileile majini, likiwa limelala na likiwa limesimama. Nililichukua la kwanza. La pili lilistahili bei yake, ila anayelivaa asingeiona tofauti hiyo, na aliyenituma alitaka la kuvaa.

Kuhusu daraja la nne sina mengi. Jiwe lililopenyezwa titani lina rangi ya juujuu tu, sehemu ndogo ya milimita, na majini kingo za nyuso zake hutokeza wavu mweusi kama utando wa buibui. Likisuguliwa upya, rangi hutoka. Upenyezaji wa berili huzama hadi ndani na haugunduliki kwa lenzi wala glasi, ni maabara yenye mitambo ya kupima kemikali pekee inayoweza kuuthibitisha, nayo ni sababu tosha ya kutonunua jiwe la bei kubwa bila cheti. Lililojazwa kioo chenye kobalti huharibika kwa moto wa sonara anayekarabati pete, na hata kwa tindikali nyepesi za kusafishia.

Mkishapatana, dai risiti inayotaja uzito wa jiwe na kusema, kwa maandishi, kwamba ni yakuti asilia iliyochomwa kwa moto peke yake, au ambayo haijachomwa, bila kupenyezwa rangi wala kujazwa, na kwamba fedha zote zitarudishwa iwapo maabara mliyoitaja itaona vinginevyo ndani ya muda mliokubaliana. La tatu nililoonyeshwa siku ile niliomba liuzwe kwa sharti hilo, na muuzaji akalifunga katika kikaratasi chake akalirudisha mfukoni.