Kufuta historia ya YouTube na Google: miezi 3, 18 au 36?

Haya wadau, leo naichambua ile sehemu ya kufuta historia kwenye akaunti ya Google, yaani vitu ulivyosachi na video ulizoangalia. Fungua myactivity.google.com, ukifika tu utaona kila kitu kimepangwa kwa tarehe mpaka saa, na wengine hapo huwa wanashtuka kidogo.

Kitu kinachochanganya watu sana ni kwamba historia ya YouTube ina swichi yake, na ya sachi za Google, ile wanaiita Web & App Activity, nayo ina yake, kwa hiyo ukifuta upande mmoja ule mwingine haujaguswa kabisa. Pia kuzima sio kufuta. Ukibonyeza Turn off peke yake inaacha kurekodi vitu vipya lakini vya zamani vyote bado vipo palepale, mpaka uchague ile Turn off and delete activity.

Sasa tuseme umemwachia mtoto simu wikiendi nzima, Jumatatu unafungua YouTube ukurasa wa mbele katuni tupu. Usifute historia yote jamani, utapoteza na mapendekezo yako mazuri! Ingia YouTube History, bonyeza Delete, chagua Custom range, weka Jumamosi hadi Jumapili halafu thibitisha, basi. Mapendekezo hayabadiliki papo hapo, yanachukua muda kidogo. Na ukifuta vyote halafu ukazima kabisa, ukurasa wa mbele unaweza kubaki mtupu, YouTube walianza hivyo 2023, ila mimi binafsi naona huo utupu una raha yake.

Tuje kwenye Auto-delete, yaani Google inajifutia yenyewe vitu vikishafika umri unaochagua. Unapewa miezi 3, 18 au 36, basi, hakuna wiki wala mwezi mmoja na hapo ndo nawakata maksi. Akaunti zilizofunguliwa kuanzia katikati ya 2020 zinakuja zimeshawekewa miezi 18 kwa sachi na 36 kwa YouTube, lakini kama akaunti yako ni ya zamani na hujawahi kugusa hiyo setingi inawezekana kabisa vitu vya miaka kumi nyuma bado vipo, kaangalie. Mimi ningeweka 3 kwenye sachi, kwa sababu nani anahitaji sachi ya mwaka juzi, halafu YouTube 18 maana kuna video unaitafuta baada ya muda mrefu na jina hulikumbuki.

Ila ujue inafuta kilichozidi huo umri tu, sachi ya jana itakaa miezi 3 kamili, hiyo kama hutaki ionekane ifute kwa mkono. Na ukishamaliza huko, historia ya brauza ambayo haijaunganishwa na akaunti bado imo ndani ya simu, hiyo unaifuta kwenye brauza yenyewe. Video ulizolaiki, komenti na pleilisti haziguswi.