King'amuzi cha stesheni za bure: mwaka mmoja bila bando

Kwetu, bara ya Kilifi, simu hushika ukisimama chini ya mkorosho mmoja tu, kwa hivyo jioni yetu ni runinga. King'amuzi cha dishi nilikiacha kwa sababu siku 30 za kifurushi zilikuwa zikihesabika hata stima ikipotea wiki nzima. Nikanunua cha DVB-T2, kisicho na malipo ya mwezi, pamoja na antena ya nje.

Siku ya kwanza nilipata Citizen, NTV na KTN safi kabisa, lakini KBC haikuonekana. Nilidhani king'amuzi ni kibovu, nikakaribia kukirudisha dukani. Kumbe stesheni hizi hazisafiri kila moja peke yake. Hupakiwa kundi zima katika masafa mamoja, na makundi hurushwa na kampuni tofauti: KBC iko kwa Signet, zile tatu ziko kwa ADN, na kundi jingine liko kwa PANG. Kwa hivyo likikosekana kundi zima, angalia antena kwanza. Ikikosekana stesheni moja na wenzake wa kundi wapo, huenda tatizo liko kwao, nawe ngoja tu.

Basi nikaingia kwenye utafutaji wa mkono, ambako rimoti inaleta mistari miwili, Signal Strength na Signal Quality. Wa kuutazama ni huo wa pili. Wa kwanza unaweza kujaa na picha bado inagandaganda na kukatika vipande vya mraba. Nilikuwa juu ya paa nikizungusha antena kidogo kidogo, nikitulia kila baada ya kuisogeza kwa sababu mstari huchelewa kubadilika, na mwanangu yuko sebuleni dirisha wazi. Mara akapaza sauti: "Baba, hapo hapo, usiiguse tena!" Ubora ulikuwa umeruka kutoka 20 hadi 65. Nikafunga skrubu, nikatafuta stesheni upya, KBC ikaingia.

Kama antena yako ina kikuza mawimbi ndani yake na haina umeme wake, fungua menyu uwashe Antenna Power. Changu kilikuja kimezimwa, na wengi huilaumu antena bure kwa jambo hilo.

Ninachokipenda zaidi ni tundu la flashi. Mama watoto hurudi sokoni saa mbili, kwa hivyo huwa naiwekea Nipashe ya Citizen ijirekodi saa moja usiku, naye anaitazama akila. Flashi ya GB 16 inatutosha kwa siku kadhaa. Ila usijaribu kutazama stesheni ya kundi jingine wakati inarekodi: changu kinakataa, maana kina kipokezi kimoja.

Mpira wa Uingereza humu sipati. Jumamosi naenda kuutazama kwenye banda la video pale sokoni.