TAHADHARI kwa wauza dagaa Kigoma: mteja wa "nimeshaweka kwa wakala, bado haijasoma"

Ndugu zangu mnaouza dagaa Kibirizi na kutuma mizigo Tabora, kuna mteja anazunguka na risiti za wakala wa benki. Anaagiza kwa simu, hasumbui kwenye bei, kisha anatuma picha ya risiti: "Dada, nimeshaweka, mtandao tu unasumbua. Nipakilie basi la asubuhi nisikose soko."

Wiki hii kamjia mdogo wangu, mzigo wa 640,000/=. Kwenye picha jina la mdogo wangu lipo, kiasi kipo, tarehe na saa vipo. Lakini karatasi imekatwa chini. Tukamwambia apige picha risiti nzima. Akatuma nyingine, kidole gumba kimekaa juu ya mstari wa mwisho, na pembeni ya kucha zinaonekana herufi DECL. Yaani DECLINED, muamala umekataliwa. Tulipomuuliza, akaanza kufoka kwamba tunamdharau.

Risiti yenyewe inawezekana ni ya kweli, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Wakala ana floti yake benki. Akipokea taslimu na kubonyeza mashine, benki inakata ile floti na kuingiza kwenye akaunti yako papo hapo. Floti isipotosha, muamala unagoma, ila mashine inaweza kutoa karatasi yenye kiasi kilekile. Ukiangalia kiasi tu, umeliwa.

Kweli, kuna pesa halali zinazochelewa. Mtandao unaweza kukatika katikati, wakala akakatwa floti na kwako kusiingie kitu. Au mashine ya kuwekea pesa inameza noti, halafu umeme unakatika. Lakini hapo anayehangaika ni aliyeweka. Yeye ndiye mwenye risiti na namba ya kumbukumbu, aende benki walinganishe na miamala ya wakala, au wahesabu pesa iliyomo ndani ya mashine. Inaweza kuchukua siku kadhaa, na siku zote hizo mzigo unakaa kwako. Mteja mkweli ataelewa.

Usitegemee meseji ya benki pia, maana huyu anaweza kukutumia ya kutunga kutoka namba ya kawaida. Fungua huduma ya benki kwenye simu yako mwenyewe, angalia taarifa fupi ya miamala. Kama kiasi hicho hakimo, hujalipwa, hata kama gari linawasha injini pale Masanga.

Na wewe unayeweka: wakala akikwambia "niachie hela, floti ikija nitakuwekea", chukua hela yako uende kwa mwingine. Usiondoke dirishani kabla hujaona APPROVED na kuhakiki namba ya akaunti.

Namba ya huyu mtu tumeiripoti 15040. Kama ameshakupigia, usifute picha na meseji zake, polisi watazihitaji. Na kama tayari umempakilia, mpigie kondakta sasa hivi azuie mzigo kabla haujashushwa Tabora.