Swichi ya HDMI inayorukaruka: ipi ununue, na kwa nini kitufe cha AUTO ndicho cha kuangalia kwanza

Nilinunua swichi ya matundu matano kwa sababu runinga yangu ina matundu mawili tu ya HDMI na vifaa vilikuwa vinne: king'amuzi, mashine ya gemu, kompyuta na ile stiki ya filamu za mtandaoni. Tangu siku ya kwanza ikaanza kunitesa. Nawasha runinga, taarifa ya habari inaanza vizuri, kisha baada ya nusu dakika hivi picha inahama yenyewe na kwenda kwenye stiki ambayo hakuna aliyeigusa. Nikirudisha kwa rimoti inatulia. Kesho yake, yaleyale.

Nilirudi kwa muuzaji. Akaniambia waya ndio mbovu, akaniuzia mwingine. Nilimwamini, na hilo bado linaniuma, kwa sababu waya haukuhusika hata kidogo.

Swichi nyingi zinazojiendesha hazitazami picha. Zinatazama umeme. Kila kifaa chenye HDMI kinatuma volti 5 kupitia pini ya 18 kuiambia runinga kwamba kipo. Swichi inasubiri volti hizo zipande kwenye tundu fulani, na zikipanda inahamia huko. Haijui kama kifaa hicho kina cha kuonyesha au kimeamka tu kwa shughuli zake. Kwake, aliyewaka mwisho ndiye mwenye zamu.

Sasa stiki yangu ilikuwa inakula umeme kutoka tundu la USB la runinga. Runinga ikizimwa, stiki inakufa. Runinga ikiwashwa, stiki inaanza upya, inachukua muda wake kuamka, kisha inapandisha volti 5. Ndiyo ile nusu dakika. Niliichomeka kwenye adapta yake ya ukutani ili isizimike tena, na kuruka kukaisha siku hiyohiyo. Mashine ya gemu nayo ilikuwa na tabia yake: ikiwa imelala huamka yenyewe kupakua masasisho, na ikiamka swichi inaifuata. Hiyo niliikomesha kwenye mipangilio yake ya kulala, kwa kuizuia kuingia mtandaoni ikiwa haitumiki.

Ukitaka kujua mkosaji nyumbani kwako, zima kila kitu kwa rimoti kama unavyozima siku zote, kisha tazama taa za swichi. Nyingi huwasha taa ya tundu lililochaguliwa tu. Kwa hiyo chomoa waya zote za kuingiza, uchomeke kimoja kimoja kikiwa kimezimwa. Ambacho swichi inakikimbilia ilhali kimezimwa, hicho kinaacha volti 5 hewani hata kikiwa na taa nyekundu. Kifaa cha namna hiyo hakitakurukia katikati ya kipindi, kwa kuwa umeme wake haubadiliki, lakini ukizima king'amuzi swichi inaweza kuangukia kwake na kukuachia skrini nyeusi. Watu wengi hudhani swichi imekufa hapo.

Ndiyo maana mimi sianzi na idadi ya matundu wala maandishi ya 4K kwenye boksi. Naanza na swali moja: kujichagulia kunazimika? Kwenye swichi nyingine kuna kitufe cha AUTO kwenye rimoti, nyingine zina kiswichi kidogo cha kusukuma ubavuni, nyingine unashikilia kitufe cha kuchagulia kwa sekunde kadhaa. Nyingine hazina kabisa. Halafu kuna swali la pili ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kunijibu: umeme ukikatika, swichi inakumbuka kwamba uliizimia AUTO? Ijaribu kabla siku za kurudisha hazijaisha. Zima AUTO, chomoa adapta dakika moja, rudisha, kisha washa kifaa cha pili. Ikiruka, imesahau, na itasahau kila umeme ukikatika.

Nafasi ya kwanza naipa ATEN, na sifichi upendeleo wangu. Swichi yao ya VS481B ina matundu manne, adapta yake ya umeme, rimoti, kitufe cha mbele na tundu la RS-232 la kuitawala kwa amri. Kilichonivuta zaidi ni kwamba maelezo yake yanasema wazi itafanya nini: chanzo kikizimwa, inahamia kwenye kingine kilichowashwa. Sentensi moja tu, lakini ni sentensi ambayo maboksi mengine yote niliyoyashika hayana. Ukiijua tabia ya swichi unaweza kupanga vifaa vyako ipasavyo. Kwa kumbi za mikutano kuna swichi za Extron, zenye EDID Minder inayoendelea kuzungumza na kila kifaa hata kisipochaguliwa, lakini kwa sebule ni kumchinjia ng'ombe mgeni mmoja.

La pili si swichi. Ni amplifaya ya sinema ya nyumbani yenye matundu ya HDMI, hata iliyotumika. Inabadilika unapoiambia wewe. Tahadhari ni CEC, ule utaratibu wa vifaa kuamriana kupitia HDMI, ambao runinga za Samsung huuita Anynet+, LG huuita Simplink na Sony huuita Bravia Sync. Kama picha inahama na AUTO imezimwa, kamata hapo: izime CEC kwenye kifaa kinachojipenyeza, si lazima kwenye runinga nzima.

La tatu ni swichi ya kubonyeza kwa mkono yenye tundu la umeme wake. Haina ujanja, na hailaghai. Mwenye vifaa viwili au vitatu hahitaji zaidi.

Kuna zile zinazojigamba kwamba zinahisi picha yenyewe badala ya volti 5. Wazo ni zuri, na kwa king'amuzi kinachoacha umeme hewani zinasaidia kweli. Lakini kompyuta ikizima skrini kwa kupumzika, picha inakatika, swichi inadhani imeondoka na inahamia kwingine. Kama unafanya kazi kwenye kompyuta kupitia runinga, hata hizi zizimie AUTO.

Za bei ya chini kabisa, zisizo na tundu la umeme, nitazisema kwa ufupi. Zinaishi kwa volti 5 za vifaa vyako, na kifaa kinalazimika kutoa miliampea 55 tu. Hapo ndipo picha inapopotea katikati na kurudi, hasa waya ukiwa mrefu. Tofautisha na giza la sekunde chache baada ya kubadilisha tundu, ambalo ni la kawaida, kwani vifaa vinatambuana upya kwa HDCP, ule ulinzi wa kuzuia filamu zisinakiliwe. Giza linalokuja bila wewe kugusa kitu ndilo la kushughulikia. Kama yako ina tundu dogo la USB ubavuni, ipe umeme kutoka kwenye adapta ya ukutani kabla hujanunua waya wowote.

Kwenye boksi la ile yangu neno AUTO lilikuwa limechapishwa mara tatu, kwa herufi kubwa, kama sifa. Namna ya kuizima haikuandikwa popote, na nilipomuuliza muuzaji alinitazama kana kwamba nimeomba kitu cha ajabu. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya kubonyeza kwa mkono iliyokuwa rafu hiyohiyo. Nyongeza yote hiyo nililipia kitu ambacho nilitumia wiki mbili kutafuta namna ya kukinyamazisha.