Tahadhari: vidonge vya saw palmetto vya "kumaliza tezi dume"

Assalaamu alaykum. Kuna tangazo linazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, Unguja na Pemba, la vidonge vya saw palmetto vinavyoahidiwa kumaliza uvimbe wa tezi dume bila ya operesheni. Muuzaji anatia mchoro wa kimeng'enya, anasema "imethibitishwa kisayansi", na mteja akilalamika hajaona nafuu anajibiwa aongeze dozi. Msimtumie pesa, na mzee aliyekwisha kununua asiongeze kidonge hata kimoja.

Mchoro wenyewe si wa uongo, na ndiyo maana hata waliosoma wananasa. Ndani ya tezi dume kuna kimeng'enya kiitwacho 5-alfa-riduktezi, kazi yake kugeuza testosteroni kuwa DHT, homoni kali zaidi inayoifanya tezi ikue. Saw palmetto ni mkindu mfupi wa kusini-mashariki mwa Marekani, na mafuta yanayokamuliwa kwenye matunda yake yamejaa asidi za mafuta kama vile oleiki na lauriki. Ukizichanganya asidi hizo na kimeng'enya ndani ya chupa ya maabara, kweli kinapunguza kazi.

Tatizo ni kwamba maabara mafuta yanakutana na kimeng'enya uso kwa uso. Mtu akimeza miligramu 320, ambayo ndiyo dozi ya kawaida kwa siku, hiyo ni theluthi ya gramu ya mafuta, na mwili unayasaga kama chakula. Lauriki hiyo hiyo imejaa kwenye nazi, na sisi wali wa nazi tunaula tangu utotoni. Tezi dume hazijatuacha.

Mwaka 2001 watafiti walipima nyama ya tezi yenyewe kwa wanaume waliotumia mchanganyiko wa mitishamba wenye saw palmetto. DHT ilishuka kama asilimia 32. Finasteraidi, dawa ya hospitali inayozuia kimeng'enya hicho hicho, huishusha kwa asilimia 80 au zaidi. Basi kuzuia kidogo kupo, lakini swali la mgonjwa ni kama usiku ataamka mara chache zaidi kwenda haja ndogo.

Majaribio ya zamani yalisema ndiyo. Mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi, na mafuta haya yana harufu kali, kwa hiyo mgonjwa angeweza kuhisi amepewa dawa au kidonge kitupu. Jaribio la STEP la mwaka 2006 liliwafuata wanaume 225 kwa mwaka mzima, na vidonge vitupu vilitengenezwa vifanane na vya dawa. Tofauti haikuonekana.

Wapo waliosema labda dozi ilikuwa ndogo, hoja ile ile ya muuzaji wetu. Ndipo likafanywa jaribio la CAMUS, lililochapishwa mwaka 2011: wanaume 369, wakianza na miligramu 320, kisha 640, kisha 960, kwa wiki 72. Dalili zilipimwa kwa maswali saba yanayojumlishwa hadi alama 35. Waliomeza saw palmetto walishuka alama 2.20. Waliomeza vidonge vitupu walishuka 2.99. Dozi mara tatu, na kitupu bado hakikushindwa.

Kwa hiyo zile sauti za mashahidi zinazotumwa na tangazo, "mwezi mmoja tu nimepata nafuu", huenda zikawa za kweli kabisa. Dalili za tezi hupanda na kushuka zenyewe, na mtu hununua dawa pale zinapomzidi. Mwezi unaofuata zingetulia hata bila ya chupa.

Anayedai "PSA imeshuka", yaani kile kipimo cha damu cha tezi dume, mtilieni shaka zaidi. Finasteraidi huishusha PSA takriban nusu ndani ya miezi sita hadi mwaka, ila saw palmetto haikuigusa hata kwenye dozi ya CAMUS. Tazameni na lebo: kikiandikwa unga wa matunda badala ya mafuta yaliyokamuliwa, hata kile kilichojaribiwa humo hamna. Na penye mafuta, hughushiwa kwa mafuta rahisi ya kupikia, kwa kuwa asidi zake zinafanana.

Haki yake isemwe: kwenye majaribio hayo haikuonekana kuwa na madhara makubwa. Hatari ni maneno ya muuzaji kwamba mzee aache dawa za hospitali. Anayetumia tamsulosini, inayolegeza misuli ya njia ya mkojo, akiiacha ghafla dalili hurudi, na mkojo unaweza kufunga. Mkojo ukifunga kabisa, au ukitoka na damu, au kukiwa na homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo: Mnazi Mmoja kwa walioko mjini Unguja, Abdalla Mzee kwa walioko Mkoani. Chupa ichukuliwe pia, daktari aone alichokuwa akimeza.