Jeli ya fizi, mkufu wa kaharabu na pete ya mpira: kipi kilimsaidia mwanangu kuota meno

Jino la kwanza la mwanangu lilipoanza kusukuma, kabatini kulikuwa na vitu vitatu vinavyomngoja: tyubu ya jeli ya fizi aliyoniletea wifi yangu kutoka Dubai, mkufu wa kaharabu uliotumwa na shoga yangu anayeishi Ujerumani, na pete ya mpira ya kung'atia niliyoinunua mwenyewe Kariakoo. Jeli sikuifungua, mkufu haujawahi kuvaliwa, na pete ndiyo imeng'atwa mpaka imechakaa. Naandika kwa sababu kina mama wenzangu hawaachi kuniuliza, "Wa kwako ulimpaka nini?"

Nianze na jeli, maana ndiyo inayouzwa sana. Mbele ya boksi kuna mtoto anacheka, nyuma kuna maandishi madogo ya kukodolea macho: benzokaini asilimia 7.5. Benzokaini ni dawa ya ganzi. Inagandisha hisia za sehemu inayopakwa, kwa hiyo si uongo kwamba mtoto hutulia. Tatizo ni kwamba hutulia kwa dakika chache tu. Mtoto anayeota meno anatiririsha udenda, bibu inalowa unaibadilisha na nyingine inalowa. Sasa jeli itakaa vipi kwenye fizi? Inaoshwa na kumezwa. Njiani inaweza kutia ganzi ulimi na koo, mtoto akanyonya na kumeza kwa shida au akapaliwa. Kilio kikirudi, mama anapaka tena, na dawa inazidi kuingia tumboni.

Lakini kilichonifanya niirudishe kwenye boksi ni habari ya damu. Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna hemoglobini, na hemoglobini ina chuma kinachobeba oksijeni. Benzokaini inaweza kukibadilisha chuma hicho kikawa cha namna isiyoweza kubeba oksijeni. Hemoglobini iliyoharibika hivyo huitwa methemoglobini. Mtu mzima ana kimeng'enya cha kuirudisha katika hali yake haraka, ila kwa mtoto mchanga kimeng'enya hicho bado ni dhaifu, kwa hiyo damu yake huzidiwa upesi zaidi. Ni tukio la nadra, sitaki kumtisha mtu. Ila linaweza kutokea hata mara ya kwanza kupaka, na linaweza pia kumpata mtoto aliyekwisha kupakwa mara kadhaa bila shida yoyote, kwa hiyo kusema "mbona wa kwangu nilimpaka na hakudhurika" hakumsaidii mtoto wa mwenzako. Mei 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwataka watengenezaji waache kuuza jeli za benzokaini kwa ajili ya watoto wa chini ya miaka 2 wanaoota meno.

Dalili huja ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili. Maelezo mengi husema ngozi inageuka kijivu au bluu, lakini watoto wetu ni weusi, kwa hiyo usiangalie shavu. Fungua mdomo uone upande wa ndani wa midomo, fizi na ulimi. Tazama na kucha na viganja. Mtoto anapumua haraka, analegea, anasinzia kusiko kwa kawaida. Hapo ni hospitali mara moja, na tyubu uibebe. Ukimwonyesha daktari jina la dawa unamwokolea muda, kwa sababu ugonjwa huu unadanganya: mtoto anawekewa oksijeni lakini rangi hairudi kama ilivyotarajiwa, na damu ikichotwa inaonekana ya kahawia kama chokoleti. Ipo dawa yake ya kuchoma kwenye mshipa, methilini bluu, lakini hiyo ni kazi ya hospitali.

Nilimpelekea tyubu muuzaji wa duka la dawa mtaani kwetu nimuulize kama ana nyingine salama zaidi. Akanipa tyubu nyingine: "Chukua hii dada, hii ni ya watoto kabisa." Nikaigeuza: jeli ya vidonda vya mdomoni yenye salisilati, jamii moja na aspirini. Uingereza tangu 2009 imeshauri jeli za namna hiyo zisitumiwe kwa yeyote aliye chini ya miaka 16, kwa hofu ya ugonjwa wa Reye, ambao hushambulia ini na ubongo. Nikaomba nyingine, ikaja ya lidokaini. Hiyo nayo ni ganzi. Mtoto akimeza nyingi anaweza kupata degedege na matatizo ya moyo, na FDA ilitoa onyo lake mwaka 2014. Waingereza wao hawakuipiga marufuku. Kuanzia mwisho wa 2018 waliamua iuzwe na mfamasia tu, baada ya mzazi kujaribu kwanza njia zisizo za dawa. Sasa kama mfamasia mwenyewe anataka nianze na njia zisizo za dawa, si bora nianzie huko na kuishia huko? Ukiwa dukani na hujui majina, geuza boksi utafute maneno yanayoanza na "benzo", "lido" au "sali".

Mkufu wa kaharabu, kwa uzuri, nauvulia kofia. Punje za rangi ya asali, nyepesi, zenye joto mkononi. Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale uliogeuka kama jiwe, na hii inatoka pwani za Bahari ya Baltiki. Wauzaji wanasema joto la mwili linaitoa asidi ya suksini iliyomo ndani, inapenya kwenye ngozi na kutuliza maumivu. Asidi hiyo kweli imo. Ila imefungiwa humo kiasi kwamba kuitoa kunahitaji joto la takriban nyuzi 200, na mtoto ana nyuzi 37. Na hata ingetoka, hakuna ushahidi kwamba kiasi hicho kinatuliza fizi.

Kwa hiyo kinachobaki shingoni ni uzi na punje ngumu. Niliukagua. Umefungwa fundo baina ya punje na punje ili ukikatika isidondoke zaidi ya moja, jambo zuri, ila punje yenyewe ni ndogo kuliko kunde iliyovimba majini, na moja inatosha kuziba koo. Kifungo nacho wanasema hujifungua kikivutwa. Nilikivuta kwa mikono miwili: kilifunguka, lakini kwa nguvu ambayo nisingependa ipite kwenye shingo ya mtoto kwanza. Desemba 2018 FDA ilitoa onyo kuhusu mikufu na bangili za kuotea meno, na miongoni mwa matukio iliyoyataja ni mtoto wa miezi 18 aliyenyongwa na mkufu wake wa kaharabu akiwa usingizini. Shoga yangu alipendekeza basi nimfunge mguuni. Mtoto wa miezi saba na mguu wake mdomoni unawajua? Na niseme hili hata kama litawaudhi wakubwa: uzi wa hirizi shingoni una hatari ileile ya kunyonga, mtoto anapolala uvuliwe.

Sasa kilichofanya kazi. Cha kwanza ni bure: kidole. Kucha imekatwa, mkono umeoshwa kwa sabuni, unasugua na kubana fizi taratibu kwa dakika moja au mbili pale panapovimba. Meno mawili ya chini ya mbele ndiyo huwa ya kwanza, kwa hiyo anzia hapo. Utaona mtoto mwenyewe anakisukumia ufizi kidole chako. Msukumo unashindana na maumivu ya jino linalopanda.

Cha pili, kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kimesokotwa, kimekaa kwenye friji mpaka kimekuwa baridi. Friji, siyo friza: kikiganda kigumu kinaumiza ufizi. Asiye na friji atumie maji ya mtungini, ubaridi wake unatosha. Mwanangu alikipenda hiki kuliko vyote, na kwa sababu kina mikunjo alikuwa anakishika mwenyewe. Ubaya ni kwamba kinachafuka haraka, lazima uwe navyo kadhaa na umkalie karibu anapokitafuna.

Pete ya mpira naipa alama ya juu, kwa masharti. Niliyochagua ni kipande kimoja kizima, bila punje, bila kengele, bila maji ndani. Zile zenye maji nilizikwepa, meno yakishatoka zinaweza kutobolewa na maji yakamezwa. Niliikagua kila nilipoiosha kwa sabuni. Ikianza kupasuka, inatupwa. Kasoro yake: inaanguka chini mara mia kwa siku, na vumbi la Dar mnalijua. Kishawishi ni kuifunga kwa kamba shingoni. Usifunge.

Mama mkwe, mtu wa Pemba, alishauri mafuta ya karafuu. Nilimshukuru, nikayaweka juu ya kabati. Mtoto mdogo akiyameza, hata kidogo, yanaweza kumuumiza ini. Asali nayo, kabla ya mwaka mmoja hapana, kwa ajili ya sumu ya botulizimu.

Usiku ambao kidole na kitambaa vilishindwa nilitumia parasetamoli, na hapo kilo ndiyo kila kitu. Kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto. Wangu alikuwa na kilo 8 kwenye kadi ya kliniki, yaani miligramu 80 hadi 120. Sirapu ya kawaida ina miligramu 120 ndani ya mililita 5, kwa hiyo ni mililita 3.3 hadi 5, kwa bomba la kupimia, siyo kijiko cha chai. Isirudiwe kabla hazijapita saa 4 hadi 6 tangu dozi iliyotangulia, na isizidi mara nne kwa siku. Soma chupa kila unaponunua, kwa sababu kuna parasetamoli ya matone yenye miligramu 100 katika mililita moja tu. Ukiipima kwa mazoea ya sirapu, mililita 5 zake ni miligramu 500.

Kuota jino huleta udenda, fizi kuvimba, kukosa raha, labda joto kupanda kidogo kwa siku chache kabla na baada ya jino kutokeza. Homa ya nyuzi 38 kwenda juu, au kuhara, si jino. Umri wa miezi sita ndio kinga aliyotoka nayo kwa mama inapungua, ndio anaanza uji, ndio kila kitu kinaingia mdomoni. Magonjwa na meno hukutana njiani. Imani kwamba meno ndiyo yanaleta homa ndiyo inayowapeleka wengine kwa wang'oaji wa "meno ya nailoni", wanaochimbua vijino visivyokomaa kwenye fizi kwa vyuma vichafu, na mtoto anarudi na maambukizi juu ya homa yake. Homa ikipanda, mpime malaria kwanza. Akihara, ni maji ya chumvi na sukari ya pakiti, vidonge vya zinki na kituo cha afya. Na mtoto wa chini ya miezi mitatu akipata homa, usianze hata na parasetamoli. Mpeleke moja kwa moja.