Alizeti, mawese na karanga: nilivyoyaona kwenye karai langu

Nakaanga maandazi ya kuuza hapa Dodoma, na huku kwetu alizeti ndiyo mafuta ya nyumbani. Nilianza na dumu la lita 20 la alizeti ya kukamua, ambayo haijasafishwa. Kwenye mboga sina la kulalamika: rangi ya dhahabu iliyokolea, na harufu ya mbegu inayofanya mchicha wa chumvi tu uwe mtamu. Kwenye karai ndipo nilipoumia. Niliweka lita tatu, nikasubiri yapate moto, na kabla sijatumbukiza andazi la kwanza moshi ukaanza kuniwasha macho. Nilipotumbukiza, povu likapanda hadi ukingoni.

Maandazi yanataka nyuzi 170 hadi 180 hivi. Alizeti ya kukamua hufuka moshi mapema zaidi, maana bado ina mashapo na utomvu wa mbegu, na huo utomvu ndio unaoleta povu. Ile iliyosafishwa kiwandani, nyeupe kidogo na isiyo na harufu, huvumilia hadi karibu nyuzi 230. Mbegu ni ile ile.

Mawese mekundu nililetewa kutoka Kigoma. Wekundu wake unatokana na karotini, ile ile ya karoti, na ukiyachoma sana unafifia yakabaki manjano. Maandazi yalitoka ya rangi ya chungwa na ladha nzito ambayo wateja wangu hawakuipenda. Lakini kwenye maharage au migebuka, sijapata mafuta yanayoyafikia. Mawese yaliyosafishwa hayana ladha hiyo, na kwa kukaanga kutwa nzima ndiyo yaliyonifaa kuliko yote. Asubuhi za Juni na Julai huganda ndani ya dumu; hayajaharibika, yaweke juani kidogo yatalainika.

Ya karanga nanunua lita moja moja, kwa sababu ya bei. Yana rangi ya manjano hafifu na harufu ya karanga zilizokaangwa. Napikia chapati kwa moto wa wastani, kwani yakiwa hayajasafishwa nayo hufuka mapema. Mgeni akija nauliza kwanza kama karanga zinamdhuru.

Kwenye kukaa, alizeti ndiyo iliyoniangusha. Nusu ya dumu niliiacha karibu na dirisha, na baada ya miezi miwili ilinuka kama rangi ya kupaka milango, na ukionja inakwaruza koo. Alizeti ya kawaida ina mafuta laini mengi, yanayochacha haraka yakikutana na hewa na mwanga. Karibu nusu ya mawese ni mafuta magumu, ndiyo maana yanadumu zaidi. Karanga iko katikati.

Sasa alizeti nanunua lita tano tu, naigawa kwenye chupa zilizojaa hadi shingoni, na naziweka kabatini. Dukani sichukui dumu lililoanikwa juani mlangoni, hata likishushwa bei.